Pasi ya Jogoo

Tulipoanua matanga ya Mama Mkubwa kule Ilongero, ndugu walikaa uani kugawana vitu vyake, na hakuna aliyeitaka pasi. Masufuria yalipata wenyewe, kitanda kikapata mwenyewe, hata redio ambayo haijasema neno tangu sijui lini ilipiganiwa na watu wazima wenye akili zao. Pasi ilikuwa chini, imeegemeshwa mlangoni ili upepo usiubamize mlango, na upepo wetu wa Singida mnaujua, haubishi hodi. Neema, binti wa marehemu Paulina, aliyelelewa na huyo bibi yake tangu akiwa kichanga, aliiinua kwa mikono miwili akaguna. "Mama mdogo, hili dubwana mlikuwa mnalitumiaje? Kesho wanapita wale wa vyuma chakavu, niwape?" Nikamwambia, "Wape, halafu na mimi unipeleke wanipime kwenye mizani hiyohiyo." Watu wakacheka. Neema hakucheka, kwa sababu aliniona uso. Nikamnyang'anya ile pasi, nikaigeuza tumbo juu. Pale kwenye ncha, doa la kahawia lilikuwepo bado, dogo kama ukucha. Nikakaa kizingitini nikalia kuliko nilivyolia kaburini, na wengine wakadhani ni uchungu wa Mama Mkubwa umenirudi upya.

Ulikuwa uchungu wake, lakini haukuwa wake peke yake. Ule mwaka ninaotaka kuueleza, mimi na Paulina tulikuwa wasichana wa kuolewa, tunalala kitanda kimoja katika chumba alichopanga mama yake, huyo Mama Mkubwa, Singida mjini, nyuma ya soko. Mama Mkubwa alikuwa akipiga pasi nguo za watu. Chumba kilikuwa na kitanda, pazia, meza moja pana iliyotandikwa blanketi kuukuu na juu yake shuka, na kamba iliyotoka ukuta hadi ukuta, iliyotundikwa mashati ya watu ambao wengi wetu tuliwafahamu kwa kola zao kabla ya kuwafahamu kwa sura. Huyu anakunja shingo, kola inachakaa upande mmoja. Huyu anaandika sana, kikofi cha mkono wa kulia kina wino. Kati ya vyote hivyo pasi ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba. Ilikuwa ya chuma kizito, ina ncha mbele na kitako kipana nyuma, matundu ubavuni ya kupumulia, mpini wa mti uliolainishwa na viganja, na kifuniko chenye bawaba nyuma. Mbele, kile kitasa cha kufungia kifuniko kilitengenezwa kwa umbo la jogoo. Jogoo mdogo, kifua mbele, mkia juu, anaangalia kule pasi inakokwenda. Paulina alikuwa akimsalimia kila asubuhi: "Umeamkaje, mzee wa nyumba?"

Watu wa umeme mnadhani pasi ni pasi. Mnachomeka, mnazungusha kidude, basi. Pasi ya mkaa unaipika. Kwanza mkaa wenyewe: wa mti laini unarusha cheche na kuisha haraka, kwa hiyo Mama Mkubwa alinunua wa mgunga, akauvunja vipande vya ukubwa wa ndimu. Tuliuwasha kwenye jiko nje mpaka uwe mwekundu na moshi wote uishe, maana moshi ukiingia kwenye pasi unatoka kwenye shati. Hapo unafungua jogoo, unajaza makaa kwa koleo, unafunga, halafu unaiweka juu ya jiwe, matundu yakielekea upepo unakotoka. Kazi ya kupuliza tulimwachia upepo. Mji mzima ulikuwa unamlalamikia kwa vumbi na kwa mabati anayong'oa, ila sisi tulikuwa tunamlia mshahara wake. Kabla ya kuigusisha nguo unaipangusa tumbo kwa tambara bichi, unaipitisha kwenye kipande cha mshumaa ili iteleze, unaipangusa tena nta isibaki. Ikipoa katikati ya kazi, unatoka nayo nje unaipembeza mbele na nyuma, makaa yanafumbua macho. Nje, nasema, kamwe si ndani, kwa sababu majivu hupenya kwenye matundu, na chembe moja tu ya jivu kwenye shati jeupe la mhubiri siku ya Jumamosi ni kazi ya kurudia tangu kwenye beseni.

Na joto lake hulioni kwa macho. Mama Mkubwa alichovya kidole kwenye bakuli la maji, akaidondoshea pasi tone moja tumboni, akasikiliza. Tone likikaa palepale linachemka polepole, alikuwa anasema, "Pasi mbichi hiyo, irudisheni kwa upepo." Likilia chwaa mara moja na kukauka, imeiva, leta shati. Likirukaruka na kukimbia kama ushanga uliokatika uzi, imezidi, fungua kifuniko ipumue, la sivyo utawanunulia watu nguo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na ilitutosha, kwa sababu nguo tulizozijua zote zilikuwa pamba: khaki za makarani, mashati ya vitambaa vya viwanda vyetu, kanga, shuka. Unanyunyiza maji kwa vidole, unaviringisha nguo ili unyevu uenee, na kola na vikofi vimeshapitishwa kwenye uji mwepesi wa muhogo vikakauka. Unaanza na kola kutoka kwenye ncha kuja katikati, unakwenda mabegani, vikofi, mikono, kifua, mgongo mwisho. Nguo inaingia mezani imekunjamana kama uso wa aliyenyimwa, inatoka kama ya mtu anayetarajiwa mahali. Mimi hadi leo sijaona muujiza mdogo unaopendeza kuliko ule.

Mgongo ndio tuliougombania. Jumamosi kazi ikizidi, Mama Mkubwa alikuwa anauliza, "Huyu anavaa koti?" Akiambiwa anavaa, anasema, "Basi mgongo mwache nao. Chini ya koti anaona Mungu, na Mungu hana haraka na mikunjo." Paulina alikuwa hakubali. Alikuwa anaubandika mgongo mezani kwa siri, mama yake akigeuka tu, anaupitisha pasi. "Mama, akivua koti kwenye joto je? Atajua kwamba hatukumpenda." Mama yake anamjibu, "Nani kakwambia tunawapenda? Tunawapigia pasi." Tunacheka wote watatu, na shati linapigwa mgongo.

Ila kubwa la Paulina lilikuwa moja. Miezi ile ya baridi, Juni na Julai, upepo wa asubuhi ukiwa unakata masikio, alikuwa havai nguo yake mpaka ipitiwe na pasi, si kwa kunyooka, kwa joto. Anasimama kwenye baridi amejifunga kanga, meno yanagongana, ananiambia, "Nipe ingali moto, dada, nipe ingali moto!" Nikimpa blauzi, haivai kwanza. Anaiweka shavuni, upande huu, halafu upande huu, macho amefumba. Ndipo anaivaa. Mama yake alikuwa anasema mtoto huyu alizaliwa Julai ndiyo maana hajamaliza kuota moto.

Sasa gauni. Kabla ya hapo tulitoka katika miaka ya ukosefu, ambayo vijana wakisimuliwa wanadhani tunatia chumvi. Sabuni ilikuwa habari. Kitambaa kipya kilikuwa habari zaidi. Kwa hiyo parokia yetu ilikuwa na gauni moja la harusi, lililoachwa zamani na masista, na kila bibi harusi aliazima hilohilo. Mnene aliachiwa vifungo wazi nyuma na kufunikwa na shela, mwembamba alibanwa na pini. Sisi ndio tuliolipiga pasi, kwa hiyo tulilijua kila shono, na Paulina alikuwa amelichoka. "Hili gauni limeshaolewa mno," alikuwa anasema. "Mimi nataka langu. Hata kama baya, nataka langu." Mchumba wake, Yosia, fundi baiskeli, kijana mpole wa Mungaa ambaye mashati yake yalituchosha kwa grisi, alikuwa anacheka tu na kumwambia wakiweza. Basi ikaja ruksa. Mipaka ikafunguliwa, malori yakaanza kushusha marobota ya mitumba, na soko likajaa rangi ambazo hatukuzijua majina. Siku moja mfanyabiashara alipokata kamba za robota la nguo za kike, wanawake walimvamia kama kuku kwenye mtama, na Paulina akatoka chini ya miguu ya watu kanga imemvuka kichwani, amekumbatia kitu cheupe. Lilikuwa gauni la harusi. Lina mikono mirefu, lina shela yake, limekunjamana kama limetafunwa. Kuku wote wa Mama Mkubwa na alizeti yote ya Yosia iliishia pale, na hakuna aliyejuta.

Lilifuliwa kwa ncha za vidole, kwa woga. Likakauka upesi kwa namna ya ajabu, jambo ambalo lingetufumbua macho kama tungekuwa na macho. Mama Mkubwa akasema hilo hatalipiga mtu mwingine ila yeye, mzazi. Siku mbili kabla ya harusi alifukuza kila nguo ya watu mezani, akatandika shuka safi, akachagua makaa kama anachagua mbegu. Tulisimama, mimi upande huu na Paulina upande huu, tumeshika kingo. Akadondosha tone. Likalia chwaa. "Imeiva," akasema, na akashusha pasi kwenye sketi, mbele, karibu na goti.

Haikuteleza. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, pasi ambayo siku zote huteleza imeng'ang'ania. Kitambaa kikajikunja chini yake kama ngozi inayoungua, harufu ikatoka ambayo hatujawahi kuisikia katika chumba kile, kali, si ya pamba wala si ya nywele. Aliponyanyua, kipande cha gauni kilipanda na pasi. Palibaki tundu lenye umbo la ncha ya pasi, kingo zake ngumu, za kahawia. Hatukujua kwamba duniani kuna nguo isiyotoka shambani wala kwa mnyama. Nani angetuambia? Mwanamke aliyepiga pasi maisha yake yote aliichoma nguo ya mwanawe kwa kufuata sheria yake sawasawa, bila kukosea hata hatua moja. Mama Mkubwa aliiweka pasi kwenye jiwe lake, akaangalia mikono yake, akasema, "Mwanangu, nimekuua."

Paulina akainama akachungulia chumba kupitia kwenye lile tundu, akatuonyesha jicho. "Mama, hapa patapita hewa. Harusi ina joto." Tukacheka kwa machozi. Akachukua mkasi, akakata ukingo wa shela, akaukunja akaufanya ua, akalishona juu ya tundu. Siku ya harusi watu hawakuona kidonda, waliona fasheni. Nasema kweli, miezi iliyofuata niliona mabibi harusi wawili watatu wa mjini wana ua gotini, mbele, palepale. Na siku ileile kanisani, nikiwa msimamizi wake, Paulina alikuwa ameshaninong'oneza, "Wakiiga, waambie nadai hakimiliki." Padre akatukata jicho.

Akaenda Mungaa kwa mume, nikabaki na Mama Mkubwa na kitanda kilichokuwa kipana ghafla. Nilimkumbuka kwa kila kitu, hasa asubuhi za baridi, kwa sababu hakuna tena aliyedai nguo ingali moto. Mama Mkubwa aliikwangua pasi kwa kisu ikiwa vuguvugu, akaisugua kwa majivu na mchanga, akaipitisha mshumaa, akarudia. Doa la kwenye ncha halikutoka. Na marobota yaliendelea kuja, kila wiki nguo zaidi zenye kuteleza, zenye kung'aa, na yeye alikuwa akizigusa tu anazisukumia kwangu. "Hizo zako. Mimi mikono yangu ya pamba." Nikajifunza polepole, kwa vipande vya mabaki. Nikagundua kwamba nguo zile zinataka ile pasi aliyokuwa akiidharau, pasi mbichi, ambayo tone linakaa palepale linachemka polepole. Makaa machache, kifuniko wazi kidogo, kitambaa kibichi cha pamba katikati ya pasi na nguo, na hukai mahali pamoja. Paulina alipokuja kutusalimia tumbo likiwa limeshatokeza nilimwonyesha, akafurahi kama nimesoma chuo. "Gauni langu nililete," akasema. "Nikishajifungua nitalivaa kwenye ubatizo, utalipiga wewe. Mama asilisogelee!" Mama yake akamtupia kitambaa kibichi usoni.

Alilileta kweli, alipokuja mjini kusubiri siku zake karibu na hospitali. Lilikuwa kwenye mfuko, limekunjwa, na ua lake gotini. Ulikuwa mwezi wa Julai tena. Mtoto alizaliwa mzima, ndiye huyu Neema. Mama yake damu haikukatika. Waliotuuguzia walihangaika naye, niliwaona, wala sina neno nao. Alfajiri Yosia alikuja mlangoni akasimama tu, mikono inaning'inia, na hatukuhitaji kumuuliza. Majirani waliingia, wakakaa chini, nikawasikia uani wakisema kwa sauti ndogo kwamba lori la kwenda Mungaa litaondoka kabla jua halijawa kali, kwamba mtoto anyonyeshwe na nani, kwamba marehemu avishwe nini. Mama Mkubwa akajibu kutoka ndani, kwa sauti kavu, "Ana gauni lake."

Alitoka mwenyewe akawasha jiko. Nilimwacha. Alivunja mkaa, akasubiri moshi uishe, akafungua jogoo, akajaza, akaiweka pasi kwenye jiwe, kila kitu kama siku zote. Akatandika gauni mezani. Akaishika pasi, akainyanyua, akaifikisha juu ya lile ua la gotini. Akairudisha. "Siwezi," akaniambia. "Nitamchoma tena." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na mimi ambaye sikuwa mzazi nilichojua ni kuchukua ule mpini, ambao ulikuwa bado na jasho lake. Nilipunguza makaa. Nilidondosha tone, likakaa palepale, likachemka polepole. Mama Mkubwa akasikiliza. "Pasi mbichi," akasema, kwa mazoea. Halafu akasema, "Ndiyo hiyohiyo. Endelea."

Nilikilowesha kitambaa, nikakamua, nikaanza. Kola, mabega, vikofi, mikono. Kifua. Sketi nzima, nikilizunguka ua kwa ncha, taratibu, jogoo akiniangalizia njia. Mkunjo mmoja mmoja uliondoka chini ya mkono wangu, na niliona aibu kwamba hata siku ile, hata kwa kazi ile, bado ilipendeza kuona. Nje dereva wa lori alikuwa ameanza kupiga honi. Mwanamke mmoja akachungulia akasema, "Jamani, inatosha, si atalala chali? Nyuma nani ataona?" Nikasita, nikamwangalia Mama Mkubwa, yeye mwenye ile sheria ya koti. Akasimama, akaligeuza gauni kwa mikono yake mwenyewe, akalinyoosha.

"Piga na mgongo," akasema. "Asije akajua kwamba hatukumpenda."

Nikapiga mgongo. Nilipomaliza nikalikunja mara moja tu, nikalifunga kwenye kanga, nikalibana kifuani, nikatoka mbio. Upepo ulikuwa ule wa Julai, unakata masikio. Watu sokoni walinipisha wakidhani nimeiba. Sikukimbia kwa ajili ya lori. Nilikimbia ili lisipoe. Nililiinamia, nikalikingia upepo kwa mgongo wangu, na njia nzima nilisikia ule uvuguvugu kifuani unapungua, unapungua, nami naongeza mwendo. Mama Mkubwa alinifuata nyuma kwa umri wake, bila viatu. Katika chumba cha maiti cha hospitali wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha, amelala, baridi imeshamwingia. Nilipofungua kanga, yule aliyeipokea nguo alishtuka. "Mbona lina moto?"

Mama Mkubwa alilichukua gauni mikononi mwake, akaliweka kwanza kwenye shavu la Paulina, upande huu, halafu upande huu. Ndipo tukamvika.